Hedhi ya Kwanza Baada ya Mimba Kuharibika au Kutolewa: Namna ya Kuhesabu Siku na Kuyasoma Mabadiliko

Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi yangu imenipeleka Malindi miaka kadhaa na sasa Lamu. Swali ambalo wanawake waliopoteza mimba huniuliza kuliko mengine yote ni hili: "Sista, mbona bado sijaona siku zangu?" Nami siwezi kulijibu kabla ya kuuliza langu: "Unahesabu tangu siku gani?" Hapo ndipo mazungumzo husimama. Mmoja huhesabu tangu hedhi yake ya mwisho kabla ya kushika mimba, mwingine tangu siku aliyoambiwa kwamba moyo wa mtoto umesimama, na mwingine tangu damu ilipokauka. Mwanamke yuleyule anaweza kuonekana amechelewa kwa hesabu moja, na kwa hesabu nyingine akawa hajachelewa hata siku moja.

Mwongozo huu unahusu mimba iliyotoka kabla ya wiki 12, kwa sababu mimba nyingi zinazoharibika huharibika ndani ya muda huo. Unakufaa ikiwa mimba iliporomoka yenyewe, ikiwa ilitolewa kwa vidonge, au ikiwa ulisafishwa kwa kifaa cha kunyonya, kwa kuwa mwili hurudisha hedhi kwa njia ileile katika hali zote tatu.

Kabla ya kuendelea, jikague. Ukiwa unalowesha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa moja, na hali hiyo ikaendelea kwa saa mbili mfululizo, au una homa ya nyuzi 38 au zaidi, au uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu makali ya tumbo yasiyotulia kwa dawa, au umezimia, acha kusoma na uende hospitali. Anayeishi Kizingitini, Kiunga au popote ambako safari ni ya boti asingoje kukuche wala maji yajae ndipo aanze kutafuta usafiri. Mpigie nahodha mapema, kwani damu inayotoka kwa kasi hiyo haikupi muda wa kusubiri.

Utakavyohitaji

Tafuta kalenda ya ukutani au daftari dogo, pamoja na kalamu. Simu yafaa pia, lakini nimeona simu nyingi zikitumbukia baharini na miezi mitatu ya tarehe ikapotea nazo. Nunua pedi za aina moja na ukubwa mmoja, ili ukisema "nilitumia tano" idadi hiyo iwe na maana. Nunua vipimo viwili vya mimba vya mkojo katika duka la dawa. Uwe na kipimajoto, au ujue jirani mwenye nacho. Mwisho, itunze karatasi uliyopewa hospitalini uliporuhusiwa kwenda nyumbani, hata kama imeandikwa mstari mmoja tu.

Andika pia, kwenye ukurasa wa kwanza, mzunguko wako ulikuwa wa siku ngapi kabla ya mimba hii. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Mwanamke aliyezoea siku 27 na yule aliyezoea siku 40 hawawezi kutarajia tarehe moja, na bila kumbukumbu hiyo atakayekuhudumia atakuwa anakisia.

Hatua kwa hatua

1. Weka alama kwenye siku ya 1

Siku ya 1 ni siku ambayo mimba ilitoka katika mji wa mimba. Ikiwa iliporomoka yenyewe au ulitumia vidonge, hiyo ni siku yenye maumivu makali kuliko zote na damu nyingi kuliko zote, ambapo mabonge na vipande vya nyama vilitoka, kisha maumivu yakapungua. Ikiwa ulisafishwa, siku ya 1 ni siku ya kusafishwa, hata kama damu ilikuwa imeanza wiki nzima kabla yake.

Kosa la kawaida hapa huwapata wale ambao mimba iliacha kukua ndani bila damu kutoka. Mwanamke huambiwa baada ya picha ya altrasaundi kwamba mimba ilisimama tangu wiki ya 7, ilhali yeye alikuja wiki ya 10, na tangu hapo huhesabu kutoka ile wiki ya 7. Mwili haukuanza kuhesabu wakati huo. Kondo lilipokuwa lingali ndani, homoni ya mimba iliendelea kuwemo katika damu, na maadamu homoni hiyo ipo kwa wingi, ovari haziandai yai jipya. Saa inaanza kutembea mji wa mimba unapokuwa mtupu.

2. Iandike damu inayofuata, lakini usiiite hedhi

Damu itokayo baada ya siku ya 1 ni ya mji wa mimba unaojisafisha na kurudi katika ukubwa wake. Kwa wengi huwa nzito siku chache, hupungua, hugeuka rangi ya udongo, na kuisha ndani ya wiki moja au mbili. Baada ya vidonge, matone yanaweza kuendelea hadi wiki ya 4. Huenda ikakauka siku mbili kisha ikarudi, hasa baada ya kazi nzito kama kuchota maji au kubeba mtoto mkubwa. Kwenye kalenda, weka nukta moja kwa siku ya matone, nukta mbili kwa siku ya damu ya wastani, na nukta tatu kwa siku ya damu nyingi.

Wakati damu hii inatoka, usiingize kitu ukeni: si dawa ya kubana, si maji ya kujisafishia ndani, si kitambaa, na tendo la ndoa lingoje hadi damu ikome. Mlango wa mji wa mimba ulifunguka, na vijidudu hupita hapo kwa urahisi. Kukandwa mwili kwa maji ya moto na uji wa pilipili manga, ambavyo mama zetu humpa aliyejifungua, havina ubaya kwako pia, ila tumbo lisikandwe kwa kukamuliwa, na maji yasiwe ya kuunguza.

Wengi huniuliza kuhusu sala katika siku hizi. Hesabu ya hospitali na hesabu ya twahara, yaani usafi wa kusali, ni mambo mawili, nami si mwanachuoni. Ninachojua ni kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, nifasi, yaani damu ya baada ya uzazi, haizidi siku 60 na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15, na kwamba hukumu ya damu ya mimba changa hutegemea mimba ilikuwa imefikia hatua gani. Mpelekee mjuzi unayemwamini kalenda yako yenye nukta. Atakujibu vizuri zaidi kuliko ukimwambia tu kwamba "damu inakuja inakwenda".

3. Amua kuhusu mimba mpya kabla hedhi haijarudi

Hatua hii ndiyo inayokosewa kuliko zote, kwa hiyo niruhusu niieleze kwa kirefu. Watu wengi huamini kwamba hedhi ya kwanza ndiyo inayofungua mlango wa kushika mimba, na kwamba kabla ya hapo, au kabla ya arobaini kuisha, mwanamke hawezi kupata mimba. Mpangilio wa mwili ni kinyume chake. Yai hutangulia, na damu hufuata yapata wiki 2 baadaye. Yai linaweza kupevuka mapema sana, hata katika siku ya 8 hadi ya 10 baada ya mimba changa kutoka, na kwa wanawake wengi hupevuka ndani ya mwezi ule wa kwanza. Anayekutana na mumewe bila kinga katika wiki ya tatu anaweza kushika mimba bila ya kuona hedhi hata moja katikati.

Kwa hiyo, ikiwa hutaki mimba sasa, njia ya uzazi wa mpango ianze mara moja: sindano, vijiti vya mkononi na vidonge vinaweza kuanza siku ileile mimba inapotoka, na koili yaweza kuwekwa mara tu mji wa mimba unapokuwa mtupu na hakuna maambukizi. Ikiwa unataka mimba, muulize aliyekuhudumia kama kuna sababu ya kiafya ya kungoja. Wengi wetu hushauri hedhi moja ipite kwanza ili umri wa mimba mpya uweze kuhesabiwa vizuri. Hata hivyo, mimba iliyoingia kabla ya hapo haina kosa.

Hesabu hii ya yai ndiyo inayoeleza pia kwa nini majibu ya wanawake hutofautiana. Yai likipevuka siku ya 21, hedhi itaonekana karibu na siku ya 35. Yai likichelewa hadi siku ya 40, hedhi itakuja karibu na siku ya 54. Wanawake hawa wawili wote ni wazima, kwani kwa kawaida hedhi hurudi kati ya wiki ya 4 na ya 8.

4. Pima mkojo siku ya 28

Usipime kabla ya siku hiyo. Homoni ya mimba hushuka polepole, na kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki 3 au 4 ingawa mimba haipo tena. Nimewaona wanawake waliopima siku ya 10, wakaona mistari miwili, wakarudia vidonge au wakaenda kusafishwa tena bila sababu yoyote.

Siku ya 28, tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usome kipimo kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, si baada ya kumaliza kazi za jikoni. Mstari mmoja wa udhibiti, bila wa pili, unaonyesha kwamba homoni imeshuka. Mstari wa pili uliofifia, kama hina ya wiki ya pili kwenye kiganja, unakutaka urudie siku ya 35. Ukiwa umezidi kufifia au umetoweka, mambo yanakwenda sawa. Ukiwa uleule, au umekolea, au ulikuwa umekolea tangu siku ya 28, nenda kituo cha afya. Sababu inaweza kuwa mabaki ndani ya mji wa mimba, mimba mpya, mimba ya nje ya kizazi, au mimba zabibu, yaani ile ambayo kondo hukua vibaya na kuwa vifuko kama kichala cha zabibu. Kipimo cha mkojo hakitenganishi hizo nne. Kinachozitenganisha ni altrasaundi pamoja na kipimo cha damu kinachorudiwa.

5. Itambue hedhi ya kweli

Hedhi ya kwanza huwa na dalili tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza, inatanguliwa na siku kadhaa za ukavu kamili; mimi hupenda kuona angalau wiki moja na nusu isiyo na nukta yoyote kwenye kalenda. Pili, inaanza kama hedhi zako zilivyokuwa zikianza, kwa uzito wa kiuno, maziwa kujaa, au damu nyekundu inayoongezeka siku ya pili na kupungua baadaye. Tatu, inakuja baada ya siku ya 28, au karibu yake.

Usishtuke ikiwa ni nzito kuliko ulivyozoea, ina mabonge madogo, au inachukua siku 7 badala ya 4. Utando wa mji wa mimba ulikuwa na muda mrefu zaidi wa kujijenga, kwa hiyo kuna kingi zaidi cha kutoka. Kwa wengine huwa nyepesi kuliko kawaida, na hilo nalo hutokea. Kikomo ni kilekile nilichotaja mwanzo: pedi kubwa mbili kwa saa, kwa saa mbili mfululizo. Damu ikizidi siku 8, nayo ni sababu ya kwenda kuonwa.

6. Ngoja hadi mwisho wa wiki ya 8, kisha nenda

Ukifika siku ya 56 bila hedhi, pima mkojo tena siku hiyohiyo. Ukionyesha mimba, anza kliniki. Usipoonyesha, nenda ukaonwe, hata kama hujisikii vibaya. Beba kalenda, karatasi ya hospitali na vipimo ulivyotumia, au picha zake. Walio Lamu wana Hospitali ya King Fahd, na walio Malindi wana hospitali ya kaunti ndogo mjini; zahanati ya karibu nayo yaweza kukuandikia barua ya rufaa.

Hapa nawasihi wote, na hasa walio kimya kwa sababu ya namna mimba ilivyotoka: sema ukweli kuhusu tarehe na dawa ulizotumia. Matibabu ya mabaki, ya maambukizi na ya kukosa hedhi ni yaleyale, iwe mimba iliporomoka au ilitolewa, na tarehe ya uongo humfanya daktari asome altrasaundi vibaya. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na damu nyingi na homa baada ya mimba kutoka ni dharura.

7. Soma mizunguko mitatu, si mmoja

Hedhi ya kwanza peke yake haisemi mengi. Katika mzunguko ule wa kwanza ovari zinaweza kuchelewa kutoa yai au zisitoe kabisa, na mzunguko usio na yai huweza kuwa mrefu, kisha ukaleta damu nzito au ya matone yanayosuasua. Hiyo ni sababu ya kawaida kabisa ya hedhi kuvurugika baada ya kupoteza mimba, na mara nyingi hujirekebisha yenyewe. Andika tarehe ya kuanza, idadi ya siku, na idadi ya pedi kwa siku nzito zaidi, kwa hedhi tatu mfululizo. Kisha linganisha na ukurasa wako wa kwanza. Ikiwa mizunguko inasogea kuelekea ulipokuwa zamani, na kila mmoja uko kati ya siku 24 na 38, hakuna la kutibu. Ikiwa inazidi kutengana, au bado haina mpangilio baada ya mzunguko wa tatu, ni wakati wa kuchunguzwa.

Mfano wa kalenda iliyojazwa

Mwanamke mmoja wa Shela, mwenye umri wa miaka 27, aliniletea kalenda ya duka, ile yenye tarehe za Kiislamu kwa herufi ndogo pembeni, na amenikubalia niitumie kufundishia. Mzunguko wake wa zamani ulikuwa wa siku 28 hadi 30. Mimba yake ilikuwa ya wiki 9.

Damu ilianza tarehe 3 Machi, lakini mimba ilitoka usiku wa tarehe 5 Machi, na hiyo ndiyo siku yake ya 1. Ana nukta tatu tatu hadi tarehe 8, kisha mbili mbili, kisha moja moja hadi tarehe 17. Tarehe 24 Machi kuna nukta moja, na kando yake ameandika "hedhi?" kwa kalamu nyekundu. Nilimwambia aifute alama ya kuuliza. Ilikuwa siku ya 20, baada ya siku sita tu za ukavu, doa la rangi ya udongo lililodumu siku moja bila maumivu. Hayo yalikuwa masalia ya kujisafisha.

Tarehe 1 Aprili, siku ya 28, alipima na kuona mstari wa pili uliofifia. Mama mkwe alitaka apewe dawa ya kienyeji ya "kusafisha kizazi". Yeye akangoja, na tarehe 8 Aprili, siku ya 35, mstari ule haukuwepo. Tarehe 14 Aprili, siku ya 41, damu nyekundu ilianza asubuhi baada ya siku 20 za ukavu, ikadumu siku 7, na siku ya pili alitumia pedi 6, zikiwemo mbili zenye mabonge yenye ukubwa wa zabibu. Hii ndiyo hedhi yake ya kwanza. Ukirudi nyuma wiki 2, yai lilipevuka karibu na mwisho wa Machi, yaani wakati uleule alipokuwa akiamini kwamba hawezi kushika mimba.

Hedhi ya pili ilianza tarehe 19 Mei, siku 35 baada ya ile ya kwanza, naye akaja kwangu akilia kwamba ameharibika. Ya tatu ilianza tarehe 17 Juni, siku 29 baadaye, ikadumu siku 5. Siku 35, kisha 29: mzunguko ulikuwa unarudi ulikozoea, na kitu pekee nilichomwandikia ni vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimepauka na kipimo cha damu kilithibitisha upungufu.

Mambo yasipokwenda sawa

*Wiki 8 zimepita, kipimo hakionyeshi mimba, na ulichoma sindano ya miezi mitatu.* Sindano yenyewe ndiyo sababu inayotangulia nyingine zote. Hukausha damu au kuleta matone yasiyotabirika, na vijiti vya mkononi hufanya hivyo pia. Kukosa hedhi ukiwa kwenye njia hizo hakumaanishi kwamba damu imeganda tumboni, na huhitaji kitu cha kuishusha. Kinyume chake, koili ya shaba huongeza wingi wa damu katika miezi ya mwanzo. Na anayetumia vidonge vya kila siku ajue kwamba damu anayoiona katika wiki ya mapumziko huletwa na kukatizwa kwa vidonge, kwa hiyo haithibitishi kwamba mzunguko wake umerudi.

*Hutumii njia yoyote, na kila mwezi tumbo linauma kama hedhi lakini damu haitoki, au ni matone tu.* Hili ni muhimu sana ikiwa ulisafishwa, hasa kwa kukwanguliwa, na zaidi ikiwa ulikwanguliwa mara mbili au ulipata maambukizi baadaye. Makovu yanaweza kuwa yameunganisha kuta za mji wa mimba au kuuziba mlango wake. Homoni zinafanya kazi, ndiyo maana maumivu yanakuja kwa tarehe, lakini utando haupo au damu haina njia. Usikubali kuambiwa "itakuja tu" mwezi baada ya mwezi. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, kwa kuwa makovu hayo hutazamwa na kukatwa kwa kamera inayopitishwa mlangoni mwa mji wa mimba, na si hospitali ndogo inayoweza kufanya hivyo.

*Damu haijawahi kukauka tangu siku ya 1, na wiki 4 zimepita.* Fikiria mabaki kwanza. Ikiwa kuna harufu, homa au maumivu ya chini ya tumbo, maambukizi yameingia, na ni safari ya leo. Ikiwa hakuna, bado unahitaji altrasaundi, halafu utapewa dawa au kusafishwa kwa kifaa cha kunyonya. Ninakuonya kuhusu vidonge vinavyouzwa kwa siri ili urudie mwenyewe: ikiwa mimba ilikuwa nje ya kizazi, vidonge hivyo havitaiondoa, bali vitakuchelewesha.

*Kipimo kinaendelea kuonyesha mimba na una maumivu ya upande mmoja, au maumivu yanayopanda hadi begani, au kizunguzungu.* Hiyo ni mimba ya nje ya kizazi hadi ithibitishwe vinginevyo. Usile, usingoje asubuhi, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.

*Karatasi yako inasema mimba zabibu.* Hatua za mwongozo huu hazikutoshi. Homoni yako inapaswa kufuatiliwa kwa kipimo cha damu kinachorudiwa mpaka ishuke kabisa na ibaki chini, na katika muda huo hupaswi kushika mimba, kwa sababu mimba mpya itaificha homoni tunayoitafuta. Kurudi kwa hedhi hakumalizi ufuatiliaji huo.

*Unamnyonyesha mtoto aliyetangulia.* Kunyonyesha mara kwa mara, mchana na usiku, kunaweza kuchelewesha yai na hivyo hedhi. Mweleze daktari kabla hajaanza kutafuta ugonjwa.

*Hedhi ilikuwa ikiruka miezi hata kabla ya mimba hii.* Basi mimba iliyotoka huenda haikuanzisha tatizo, limekuwepo. Zinazochunguzwa ni ovari zenye vifuko vingi, tezi ya shingo, homoni ya maziwa, na uzito uliopungua au kuongezeka sana. Ndiyo maana nilikuomba uandike mzunguko wa zamani kwenye ukurasa wa kwanza.

*Mtu amekuletea dawa ya kushusha hedhi.* Iwe mizizi, unga au chupa isiyo na jina, usiinywe kabla ya kupima mkojo. Nilimpokea mwanamke aliyekunywa dawa hiyo siku ya 60 akidhani damu imeganda, kumbe alikuwa na mimba ya wiki 5 aliyoitaka kuliko kitu chochote. Kipimo ambacho kingemwambia hivyo kilikuwa kwenye kabati lake, hakijafunguliwa, kile cha pili kati ya viwili alivyokuwa amenunua.